Nilipimwa jiwe la figo, ripoti ikataja kinundu kwenye pafu

Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 48, nakaa Kigoma, biashara yangu ni dagaa pale Kibirizi. Mwezi uliopita nilishikwa na maumivu makali ya ubavu wa kulia yakashuka hadi kinenani, nikaandikiwa CT ya tumbo. Wameona jiwe la milimita 4 karibu na kibofu, na figo ya kulia imejaa maji kidogo. Hilo nalielewa, na maumivu yenyewe yameshaisha. Lakini chini yake wameandika nina "nodule" ya milimita 5 kwenye pafu la kulia na "cyst" ya sentimita 2.4 kwenye figo ya kushoto, halafu mwisho kabisa "clinically correlate". Daktari aliyenituma alikuwa amesafiri, nikapewa karatasi na CD nikarudi nazo nyumbani. Mwanangu akatafuta kwenye simu, akakuta kansa. Shoga yangu naye alishapasuliwa kwa ajili ya cyst. Sigara sijawahi kuvuta na sikohoi, ila nimekonda, maana tangu nisome karatasi hii silali wala sili. Mwanangu anasema tuuze kiwanja twende Dar nikatolewe kinyama kwenye pafu. Je, hilo neno la mwisho ndiyo kusema kuna kitu wananificha? Nimekutumia picha ya karatasi yenyewe.

Mama wa Kibirizi

*

Marahaba, dada yangu. Kiwanja msiuze. Ripoti nimeisoma yote, mstari kwa mstari, na hakuna kitu ndani yake kinachodai safari ya Dar wala kutolewa kinyama. Picha zilizo kwenye CD sijaziona, kwa hiyo pale ambapo lazima daktari wako atazame kwa macho yake nitakuambia.

Nianze na hilo neno la mwisho. Daktari wa mionzi aliyesoma picha zako hajawahi kukuona. Alichokuwa nacho mbele yake ni mamia ya picha na karatasi ya maombi, na karatasi hizo mara nyingi huja na mstari mmoja: umri, jinsia, "maumivu ya ubavu". Hajui kama unakohoa. Hajui kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu, kama una virusi vya UKIMWI, kama kuna kansa uliyowahi kutibiwa huko nyuma, kama umepungua kilo. Ndiyo maana anamwandikia mwenzake kwamba haya ndiyo niliyoyaona kwenye picha, yapime pamoja na hali ya mgonjwa unayemfahamu, kisha uamue. Maneno hayo yaliandikwa kwa daktari aliyekutuma. Yeye hakuwepo siku hiyo, ukayapokea wewe peke yako.

Hakuna anayekuficha. Daktari wa mionzi akishuku kansa huiandika shaka yake waziwazi, akasema ni kipimo gani kifuate na ndani ya muda gani, kwa sababu mwenzake akikosa kuelewa mgonjwa ndiye anayeumia. Nikiri kwamba sipendi namna maneno haya yanavyotumika. Wapo wanaoyaweka mwisho wa kila ripoti kwa mazoea, bila kusema ni jambo gani lilinganishwe na nini. Kwenye ripoti yako ingetosha sentensi moja: "Ulizeni historia ya kifua kikuu na kansa kuhusu kinundu cha pafu." Ungelala.

Sasa hicho kinundu. Ulipigwa picha ya tumbo, lakini mashine huanza juu kidogo ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ndiyo maana sehemu ya chini ya mapafu huingia kwenye picha kila mara. Kinundu kimeonekana kwa bahati tu, hakuna aliyekuwa akikitafuta, na hakina uhusiano wowote na maumivu yako ya ubavu. Jina hilo wanakipa kitu chochote cha mviringo kwenye pafu kisichozidi sentimita 3. Chako ni nusu sentimita, punje ya choroko. CT siku hizi zinaona vitu vidogo kiasi hicho kwa watu wengi sana wasioumwa chochote kifuani.

Katika nchi yetu, ambako kifua kikuu kipo kwa wingi, punje kama hiyo mara nyingi ni kovu. Mtu huvuta vijidudu hewani, mwili unavizunguka na kuvifunga mahali pamoja, na yeye mwenyewe hajui kama aliwahi kupambana na kitu. Miaka ikipita kovu linaweza kujaa chokaa, na likijaa chokaa lote daktari wa mionzi anaandika hivyo na habari inaishia hapo. Lako halijaandikwa kuwa na chokaa, kwa hiyo siwezi kukuapia kuwa ni kovu. Linaweza pia kuwa tezi ndogo ya kawaida iliyoko ndani ya pafu. Kwa ukubwa huo hakuna picha inayoweza kulitaja jina lake kwa hakika, na ndiyo sababu madaktari wameweka utaratibu wa kufuata ukubwa badala ya kubahatisha.

Utaratibu unaotumiwa zaidi duniani ni ule wa jumuiya ya madaktari wa mionzi ya kifua iitwayo Fleischner, uliotolewa upya 2017. Kwa kinundu kimoja kigumu kilicho chini ya milimita 6, kwa mtu asiye na vihatarishi, haupendekezi kurudia kipimo. Hata kwa mtu mwenye vihatarishi, kama mvutaji sigara wa miaka mingi, uwezekano kwamba kinundu cha ukubwa huo ni kansa hauzidi 1 katika 100, na kwake kurudia CT baada ya miezi 12 ni jambo la hiari. Na utaratibu huohuo unazungumzia hali kama yako hasa, pale ambapo kinundu kimeonekana kwenye CT ya tumbo na sehemu ya juu ya mapafu haikupigwa: kikiwa chini ya milimita 6, hakuna haja ya kwenda kupiga CT ya kifua kizima kwa ajili yake.

Kama ripoti yako ingesema milimita 7, ningekuandikia barua nyingine. Kuanzia milimita 6 hadi 8 kinahitaji CT ya kifua kizima baada ya miezi kadhaa, ili ionekane kama kinakua. Kikizidi milimita 8 ndipo mazungumzo ya vipimo vikubwa zaidi, ikiwemo kutoa kinyama, huanza. Kwa hiyo jirani yako akikuambia naye aliambiwa ana kinundu akapelekwa Bugando, muulize kwanza milimita ngapi.

Utaratibu huo una mipaka yake, na hapa ndipo hilo neno la mwisho linapofanya kazi yake halisi. Hauwahusu watu walio chini ya miaka 35. Hauwahusu watu waliowahi kuugua kansa popote mwilini, maana kwao kinundu kidogo kinaweza kuwa mbegu iliyosafiri. Hauwahusu pia wenye kinga dhaifu, iwe ni kwa virusi vya UKIMWI au kwa dawa zinazoshusha kinga, kwa sababu kwao maambukizi yanayoanza yanaweza kuonekana hivyohivyo. Miaka yako inatosha, na sigara umenijibu. Yamebaki mawili ambayo barua yako haikuyagusa: je, uliwahi kutibiwa kansa, kwa mfano ya titi au ya mlango wa kizazi, na je, unajua hali yako ya VVU? Majibu usinipe mimi, mpe daktari wako. Kama hujapima VVU siku nyingi, pima. Majibu hayo mawili yakiwa mema, kinundu hiki hakina la zaidi.

Umesema hukohoi. Hilo nalo lina uzito. Ungekuwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni au jasho la usiku la kulowesha shuka, ningekuambia uende kliniki ya kifua kikuu kutoa makohozi bila kujali hicho kinundu ni milimita ngapi, na huduma hiyo katika vituo vya serikali haina malipo.

Kukonda sitaki kukupita haraka. Unasema kumeanza baada ya kusoma ripoti, kwa sababu huli. Naamini. Lakini jipime kwenye mzani sasa hivi, andika namba na tarehe, kisha urudi kwenye mzani uleule baada ya wiki nne ukiwa umeshaanza kula. Kilo zikirudi, ilikuwa hofu. Zikiendelea kushuka huku unakula vizuri, hilo ni jambo la kumwambia daktari.

Kuhusu kinyama: kukitoa kwenye pafu maana yake ni kupitisha sindano ukutani mwa kifua hadi kwenye hiyo choroko, huku pafu linapanda na kushuka kila unapopumua. Kwa milimita 5 sindano ina nafasi kubwa ya kukosa, na ikikosa majibu hayamaanishi kitu. Wakati huohuo pafu likitobolewa hewa inaweza kuvuja kifuani na likasinyaa, ukalazwa na kuwekewa mpira wa kutoa hewa. Hospitali ya kueleweka isingekubali, na mngerudi Kigoma bila kiwanja na bila jibu.

Kuna kosa jingine ambalo linaonekana la busara nalo si la busara. Mtu akishtushwa na CT huenda akapiga eksirei ya kifua kwa pesa yake ili apate uhakika. Eksirei inakuja safi, anafurahi, anasema CT ilikosea au dawa fulani ya mizizi imemponya. Eksirei ya kawaida haioni vizuri kitu kilicho chini ya sentimita moja. Chako kipo vilevile, na hakuna tatizo kikiwepo, ila usiitumie eksirei kama shahidi.

Kitakachokusaidia zaidi ni picha za zamani. Kama uliwahi kupigwa CT yoyote ya kifua au tumbo miaka ya nyuma, tafuta CD yake. Kinundu kigumu ambacho kilikuwepo kwa ukubwa uleule miaka miwili iliyopita karibu hakika si kansa. Na hii CD ya sasa itunze mahali pakavu pamoja na karatasi, kwa sababu siku ukipigwa CT kwa sababu nyingine, hata kama ni miaka kumi ijayo, msomaji ataitaka alinganishe. Akikuandikia wakati huo milimita 6, usishtuke: kipimo cha kitu kidogo hivyo huweza kupanda au kushuka kwa milimita moja kutegemea mkono wa mpimaji na unene wa kipande cha picha. Wataalamu hawahesabu kuwa kimekua mpaka kiongezeke milimita 2.

Niende kwenye figo ya kushoto. Hicho ni kifuko chenye maji, na kwa watu wanaoikaribia miaka 50 na kuendelea ni kitu cha kawaida mno. Wengi wanacho na wanazeeka nacho bila kujua. Kinachotakiwa kujulikana ni kama ndani kuna maji matupu au kuna nyama, na CT inaweza kulijibu hilo kwa namba. Kila kitu kwenye picha kina kipimo cha uzito wa kivuli chake kiitwacho Hounsfield, ambacho maji yamepewa 0, hewa iko chini sana karibu na −1000, na mfupa unapanda hadi mamia. Kwenye karatasi yako, mstari wa nne wa aya ya figo, wameandika kifuko chako kina 8 HU na kwamba kiko sawasawa kote. Namba kati ya −9 na 20 kwa kifuko kilicho sawasawa ni ya maji. Hakihitaji kufuatiliwa, hakihitaji kunyonywa kwa sindano, hakigeuki kuwa kansa na hakileti figo kufeli.

Ingekuwa 45, kwa mfano, pasingekuwa na jibu kwenye picha hiyo peke yake, kwa sababu CT ya kutafuta jiwe hupigwa bila dawa ya mshipani, na damu iliyoganda ndani ya kifuko inaweza kufanana na nyama. Hapo ungetumwa ultrasaundi, ambayo unaipata palepale mjini, au CT ya pili yenye dawa. Vilevile kama wangeandika kuta nene, vigawanyo vingi au nyama ndani yake, daktari angetaja daraja la Bosniak. Hilo ni daraja la vifuko vya figo linalotoka 1 hadi 4, na kuanzia la 3 daktari wa upasuaji wa mfumo wa mkojo anahusika. Kwako hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Na kwa sababu wameandika kifuko kimoja, figo moja, usichanganye na ule ugonjwa wa kurithi ambao figo zote mbili hujaa vifuko tele na kuvimba.

Shoga yako, nadhani, alikuwa na kifuko kwenye kokwa za mayai, ambacho kinaweza kujinyonga au kupasuka na kumtoa mtu jasho. Hospitalini jina hutumika lilelile kwa kifuko cha mahali popote, lakini wa kwake na wa kwako ni visa viwili tofauti kabisa. Mwambie nimempa pole.

Sasa nirudi kwenye mstari uliosema unauelewa, maana katika ripoti yote huo ndio ninaoutilia maanani. Jiwe la milimita 4 lililokwisha kufika karibu na kibofu kwa kawaida hutoka lenyewe, mara nyingi ndani ya wiki nne hadi sita. Lakini maumivu kuisha si ushahidi kwamba limetoka. Jiwe linaweza kutulia likaendelea kuziba mrija wa mkojo kimyakimya, figo ikabaki imejaa maji, na ikikaa hivyo muda mrefu inaharibika bila kuuma. Je, uliliona likitoka? Wengi hawalioni kwa sababu hawakulitafuta. Tangu leo kojoa kwenye kopo, chuja mkojo kwa kitambaa safi cheupe, na ukipata kipunje kikauke, ukifunge kwenye karatasi upeleke hospitali. Kunywa maji hadi mkojo uwe mweupe mweupe. Pale Kibirizi unashinda juani kwenye dagaa, kwa hiyo utahitaji maji mengi kuliko mtu anayekaa ofisini.

Na kwa kuwa mwezi umeshapita, usisubiri zaidi. Wiki hii nenda umwone daktari, hata kama si yuleyule, ukiwa na karatasi na CD. Mwombe mambo mawili: ultrasaundi ya figo kuona kama ile ya kulia imeacha kujaa maji, na kipimo cha damu cha kreatinini kuona figo zinavyofanya kazi. Palepale mwambie kuhusu VVU na historia ya kansa ili aandike kwenye faili kwamba kinundu kimeangaliwa na uamuzi gani umefanywa, tarehe ikiwepo. Figo ikiwa imerudi sawa, inaelekea jiwe limepita. Ikiwa bado imejaa maji, watahitaji kulitafuta jiwe liko wapi na pengine kukupeleka kwa daktari wa mfumo wa mkojo alitoe, na hiyo ndiyo safari pekee katika habari hii yote ambayo ningeunga mkono itafutiwe nauli.

Kabla ya siku hiyo ya miadi, maumivu yakirudi pamoja na homa au kutetemeka kwa baridi, au ukitapika usiweze kushika hata maji, au mkojo ukikatika, usingoje miadi wala asubuhi. Mkojo uliozibwa ukishaingia vijidudu unaweza kusambaza sumu kwenye damu ndani ya saa chache, kwa hiyo mwanao akupeleke hospitali usiku huohuo, na neno la kwanza awaambie pale mapokezi liwe hili: mama ana jiwe kwenye mrija wa mkojo na sasa ana homa.